Watoto wa mialoni ya dhahabu Geita na rejesta ya shule

"Ada imefutwa, sare anayo, mbona haji kila siku?"

Ndugu, kinachoshindana na darasa ni pesa ya siku ileile. Mtoto mara nyingi hashuki duarani, yaani shimoni kuchimba. Anaponda mawe, anabeba maji, anachenjua mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, na, kibaya zaidi, anakanda zebaki na mchanga kwa mikono mitupu. Sumu hiyo huharibu neva. Kazi hufuata siku mzigo wa mawe unapotoka, ndiyo maana utoro wake unarukaruka. Mwalimu alinganishe rejesta na siku za karasha, mashine ya kusaga mawe. Zikifanana, amfuate mwenye mwalo pia, si mzazi peke yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 mgodini penye hatari.