Kiseyeye: kwa nini fizi ndizo huvuja damu

Daktari, kiseyeye ni ugonjwa wa kukosa vitamini C; vitamini hiyo inafanya kazi gani hasa kwenye fizi? (Msomaji, Masasi)

Kazi yake imo ndani ya seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoshikilia fizi, ngozi na kuta za mishipa ya damu. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba ya mkonge, na katika kila uzi asidi amino iitwayo prolini hujirudia mara nyingi. Kabla ya kusokotwa, kimeng'enya kiitwacho prolili haidroksilasi huchukua oksijeni na kupachika atomu yake moja kwenye prolini, ikawa haidroksiprolini. Kwa hiyo si vitamini C yenyewe inayopachika, ingawa wengi husema hivyo. Kimeng'enya hicho kina atomu ya chuma ambayo lazima ibaki katika hali ya Fe²⁺. Mara kwa mara kazi hukatikia njiani, chuma kikaoksidika, yaani kikapoteza elektroni moja zaidi, na kimeng'enya kikakwama, ndipo vitamini C hutoa elektroni na kukirejesha kazini.

Prolini isipopachikwa oksijeni, kwani kuna tatizo gani?

Tatizo ni joto. Kolajeni kamili hustahimili takribani nyuzijoto 40, lakini isiyo na haidroksiprolini hufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, ilhali mwili wetu una 37. Nyuzi zake hazishikani, na nyingi huvunjwavunjwa humo humo ndani ya seli.

Mbona kiseyeye huanzia kwenye fizi, si mkononi?

Kolajeni ya fizi na ya kano zinazoshika meno hubadilishwa upesi kuliko ya ngozi, hivyo upungufu huonekana huko mapema. Tena utando wa bakteria kwenye meno huzitia fizi uvimbe, na vimishipa dhaifu hupasuka kwa kutafuna tu. Ndiyo maana kibogoyo mwenye kiseyeye kwa kawaida havuji damu fizini. Hata hivyo, fizi nyingi zinazovuja ni za uchafu wa meno. Shuku kiseyeye zinapokuwa za zambarau na laini, huku miguuni kuna vitone vya damu kuzunguka vinyweleo na nywele zilizojikunja.

Mume wangu akiwa dago hula ugali na samaki mkavu tu. Ataugua baada ya muda gani? (Mama, Kilwa)

Mama, mtu aliyeshiba vitamini C huwa na takribani miligramu 1,500 mwilini, na asipoipata kabisa hupoteza kama asilimia 3 ya iliyobaki kila siku. Baada ya siku 23 hubaki na 750, na karibu siku ya 54 hufika 300, kiwango ambacho dalili huanza. Aliyeondoka na akiba ndogo huwahi zaidi. Miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye, nazo hupatikana katika kipande cha bibo bichi au ndimu chache. Kisamvu kilichochemshwa muda mrefu kimekwisha kupoteza sehemu kubwa. Mgonjwa akianza kupata vitamini C kwa wingi, damu hupungua ndani ya siku chache, lakini meno yaliyolegea husubiri wiki kadhaa, kwa kuwa kolajeni mpya haina budi kusokotwa upya.