Fremu zipo wazi, bango lipo, simu haiiti. Tatizo nini?

"Wakuu habari, nina fremu 3 za familia hapa Soweto Mbeya, zinaangalia barabara kubwa ya Tanzam. Nimebandika bango ukutani FREMU ZINAPANGISHWA na namba ya simu, na karatasi kadhaa kwenye nguzo. Watu wanapita kutwa nzima ila simu haiiti. Kodi nataka laki na nusu. Niandike vipi, niweke wapi?"

Ugonile mkuu. Mimi nachora mabango hapahapa Mbeya na pia nasimamia fremu za shangazi yangu upande wa Sae, kwa hiyo hili nalijua pande zote mbili, la mchoraji na la anayesubiri simu.

Kwanza soma simu zenyewe kabla hujabadilisha chochote. Kama haiiti kabisa basi bango halionekani au namba haisomeki, hapo maneno usiyaguse kwanza. Kama inaita ila kila mtu anauliza kitu kilekile, bei gani, choo kipo, basi hicho ndo kimekosekana kwenye maandishi. Na kama wanapiga wengi halafu hakuna anayekuja kuangalia, hapo ni bei au masharti. Wewe uko kundi la kwanza, haiiti, kwa hiyo tuanze na macho.

Bango lililolala ukutani linasomwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akiangalia jengo lako, basi. Anayetembea kwa mguu kutoka Kabwe kuja kwako anapita chini yake bila kulijua maana yeye anaangalia mbele, na aliyepo kwenye bajaji ndo kabisa. Na hao wanaotembea kando ya jengo ndo wanaotafuta fremu, mtu anayetafuta sehemu ya kufungua duka anatembea taratibu anaangalia mlango kwa mlango. Kwa hiyo unahitaji mabango mawili, moja la kulala na moja la kusimama, lililotoka ukutani kama mlango uliofunguliwa, limeandikwa pande zote mbili ili anayetoka Kabwe alione na anayetoka Uyole alione.

Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatosha yote. Mwambie fundi aipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili vya futi 2 kwa 8. Kimoja ndo bango la kulala, mistari miwili tu, juu FREMU WAZI chini namba, herufi za urefu wa sentimita 20, zinaingia vizuri na pembeni panabaki nafasi, na hiyo nafasi usiijaze, ndo inayofanya maandishi yaonekane. Kipande cha pili kikate nusu upate viwili vya futi 2 kwa 4, vigonge mgongo kwa mgongo visimame wima, hapo kila upande una mistari minne ya herufi za sentimita 15: FREMU, halafu namba umeivunja, tarakimu nne za mwanzo mstari wake, tatu mstari wake, tatu mstari wake. Namba ikivunjwa hivyo mtu anaishika kichwani akiwa anatembea, ila ukiiandika yote kumi imeungana anaipoteza katikati. Sisi wachoraji tuna kipimo, inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali ndo inasomeka bila kukaza macho. Sentimita 15 ni kama inchi 6, kwa hiyo futi 60, yaani mtu yupo fremu kadhaa nyuma yako ameshaisoma. Bango lako la sasa nadhani lina herufi za inchi mbili, hebu lipime.

Rangi weka nyeusi juu ya njano, au bluu nzito juu ya nyeupe. Nyekundu watu wanaipenda sana ila jua linaifuta kabla ya rangi nyingine zote, mwaka haujaisha namba imebaki kivuli. Na usimruhusu mchoraji aizungushie namba maua na vivuli, 1 ichorwe ijulikane ni 1 na 7 ijulikane ni 7, nimeshaona watu wanapigia namba ya mtu mwingine kwa sababu ya 7 iliyopindwa kwa urembo. Kingo za plaiwudi zipakwe rangi ya mafuta zote, hata zile za ndani zisizoonekana, maana mvua za huku kuanzia Novemba mpaka Aprili zinaingia kwenye kingo na ubao unavimba unafunguka kurasa. Lile la kusimama lishikwe na vyuma vya engo na bolti zilizoingia ukutani, misumari hapana, upepo wa Mbeya unalijua bango la misumari.

Urefu wa kuliweka: chini ya bango kuanzia mita 2 na nusu hivi, juu kidogo ya miavuli ya wamachinga na juu ya bajaji zinazopaki mbele yako. Nenda ukaangalie saa kumi jioni siku ya biashara, usiangalie Jumapili asubuhi kukiwa kweupe, jioni ndo utaona kinachoziba ni mwavuli wa nani. Liwe ndani ya eneo la jengo lako, usichimbie nguzo kwenye hifadhi ya barabara, na hizo karatasi kwenye nguzo za umeme zitoe, kwanza mtu akizisoma hajui fremu yenyewe ipo wapi.

Karatasi ibandike kwenye shata ya fremu iliyo wazi, usawa wa macho, mita moja na nusu hivi. Hapo ndo maelezo yanapokaa, maana mtu ameshasimama. Yangu ya Sae niliandika hivi:

FREMU HII INAPANGISHWA
Upana futi 10, urefu kwenda ndani futi 14
Luku yake, choo cha nje cha pamoja
Kodi 150,000 kwa mwezi, unalipa miezi 6
Piga kwa mwenyewe, hakuna dalali
07xx xxx xxx (na wasapu)

Bei iandike. Najua wengi mnaificha mkitegemea mtu apige mpatane, ila mtu wa huku akiona hakuna bei anadhani ni ghali au ni dalali, anapita. Na hilo neno "mwenyewe" lina uzito mkubwa sana, dalali anataka kodi ya mwezi mzima juu, kwa hiyo mtu akijua anaongea na mwenye jengo anapiga kwa amani. Vipimo pia, mwenye saluni na mwenye duka la vipodozi wanajua mashelfu yao yanahitaji futi ngapi.

Chini ya karatasi kata vile vipande vya kuchana, na kila kipande kiandikwe "fremu Soweto" pamoja na namba, la sivyo mtu anakikuta mfukoni kesho hajui cha nini. Nakala zitoe kwenye mashine ya fotokopi au printa ya unga, zile za wino wa maji zikinyeshewa mara moja namba inachuruzika yote.

Kingine, pita kila baada ya siku chache uikague namba. Kuna madalali wanabandika stika yenye namba yao juu ya yako, imenitokea, simu ilikata ghafla nikaenda kuangalia nikakuta namba siijui.

Zikipangishwa mbili ikabaki moja, libandue lile la kulala uache la kusimama na karatasi kwenye shata moja tu, maana bango kubwa juu ya fremu zenye watu linawafanya wateja wa wapangaji wako wadhani wanahama.