Tope mkononi

*Swali la wiki: Uliwahi kufanya kosa uwanjani na refa asilione? Ulisema au ulinyamaza?*

Nilisema, ila si papo hapo. Nilikuwa na miaka 15, tunacheza fainali ya kugombea mbuzi kule Pasua, Moshi. Mwezi wa nne, uwanja umelowa chapachapa, bado 0-0 na muda unayoyoma. Winga wetu akapiga kona, nikaruka pamoja na golikipa wao. Kichwa hakikufika. Mkono ukafika.

Refa alikuwa nyuma ya lundo la wachezaji, na mshika kibendera alikuwa mjomba wa mtu tu, kitambaa chenyewe alikabidhiwa asubuhi ile. Kipenga kikalia: bao! Wenzangu wakanirukia. Wapinzani wakamzonga refa, "Amenawa! Amenawa!", naye akawatawanya kama kuku walioingia kwenye mtama. Golikipa wao peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikautazama na mimi. Mpira ulikuwa umeacha tope kutoka kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko, na kumbe muda wote ule nilikuwa nalifutia kwenye bukta. Nikajiuliza, sasa nafuta nini?

Wengi hawajui kwamba refa anaweza kubadili uamuzi wake mradi mchezo haujaanza tena. Mpira ukishapigwa pale kati, bao limekaa, hata ukamlilia. Na mshambuliaji wao alikuwa ameshauweka mpira kwenye duara, anasubiri kipenga. Nikatimua mbio.

"Refa, nimenawa."

"Unasemaje?"

"Nimenawa. Nimefunga kwa mkono."

Nikamwonyesha tope. Akafuta bao, akawapa wao mpira wa adhabu, halafu akaingiza mkono mfukoni akanitolea kadi ya njano. Nilibaki mdomo wazi. Nilidhani msema kweli hupewa punguzo! Mwalimu wetu alinieleza baadaye, kwa hasira zake zote, kwamba kujaribu kufunga kwa mkono ni kadi, ukiri usikiri.

Tukafungwa kwa matuta. Miaka ilipopita nikasikia habari za Miroslav Klose wa Lazio, ambaye mwaka 2012 alimwambia refa ukweli kama huo kwenye mechi na Napoli. Bao likafutwa, wakapigwa 3-0. Nilicheka peke yangu. Sisi angalau tulifika kwenye matuta.

Mbuzi akaenda na wenzetu, akilia njia nzima. Nyumbani mama alishapata habari kabla sijavua viatu, akanitengea chakula bila kuuliza kitu. Aliyeniumiza ni winga. Mechi tatu hakunipa pasi hata moja, hata nikiwa peke yangu mbele ya goli. Ya nne akanimiminia krosi safi, huku akipaza sauti uwanja mzima usikie:

"Haya, dogo! Kwa kichwa lakini!"