Maduara 72 kutoka bati la 244 kwa 122: mabaki yanaenda wapi?

Swali: Nina bati la sentimita 244 kwa 122. Nakata maduara ya kipenyo cha sentimita 20, nimeyapanga safu kwa safu, kila duara limesimama sawa juu ya mwenzake. Nikigawa eneo la bati kwa eneo la duara moja napata 94, ila kwenye kukata yanatoka 72 tu. Hayo mengine yamepotelea wapi? Na nikikata madogo ya sentimita 10, si mabaki yatapungua?

Jibu: 72 ndiyo hesabu sahihi, na wala hujakata vibaya. Kugawa eneo kwa eneo kunachukulia kwamba bati linaweza kuyeyushwa na kumiminwa upya hadi tone la mwisho. Ukikata kwa safu, kila duara linashika mraba mzima wa sentimita 20 kwa 20, na pembe nne za mraba huo hazipati mwenyewe.

Kwa hiyo anza na mraba mmoja. Eneo lake ni 400. Duara lililomo ndani yake, lenye nusu kipenyo cha 10, lina eneo la 314.16. Zinabaki sentimita za mraba 85.84, yaani asilimia 21.5 ya mraba. Asilimia hiyo haijali ukubwa wa duara: ukipunguza kipenyo nusu, mraba unabaki robo ya eneo lake na duara nalo robo ya lake, uwiano haugusiki. Anayetumia 22/7 atapata mabaki ya 3/14 ya kila mraba, njia ya mkato nzuri unapokuwa huna kikokotoo.

Sasa rudi kwenye bati zima. Urefu wa 244 unapokea maduara 12 na kuacha sentimita 4. Upana wa 122 unapokea 6 na kuacha 2. Hapo ndipo inapotoka 72. Angalia kwamba kila upande unagawanywa peke yake, na desimali inatupwa kabla ya kuzidisha. Wapo wanaogawa eneo la bati, 29,768, kwa eneo la mraba, 400, wakapata 74 na kuanza kumtilia shaka mkataji. Hayo mawili ya ziada yametengenezwa na vipande vya ukingoni ambavyo kwenye bati haviwezi kuunganishwa.

Maduara 72 yanachukua sentimita za mraba 22,620. Mabaki ni 7,148, sawa na asilimia 24. Lakini ni mabaki ya aina mbili. 6,180 ni vile vipande vya pembe nne zilizochongoka vinavyobaki katikati ya maduara, na 968 ni utepe wa ukingoni: sentimita 4 kwa 122 upande mmoja, 2 kwa 240 upande wa pili. Mimi huziandika mbali mbali kila mara, kwa sababu uwiano wa ile ya kwanza kwa mraba wake haubadiliki ukiwa bado unakata kwa safu za mraba, na ya pili ndiyo inayokuadhibu au kukusamehe kulingana na kipimo ulichochagua.

Ukikata ya sentimita 10 kwa hesabu ya kwenye karatasi, yanaingia 24 kwa 12, jumla 288. Eneo lake? 22,620, ile ile. Ya sentimita 30 yanaingia 8 kwa 4, na ya sentimita 24 yanaingia 10 kwa 5. Kote eneo linalotumika ni 22,620, kwa kuwa vipimo hivi vyote vinagawanya 240 na 120 bila kubakiza. Basi udogo wa duara peke yake haukuokolei chochote.

Kwenye karakana hali ni mbaya zaidi kwa yale madogo. Kisu, msumeno au moto unaokatia unahitaji njia ya kupita, na huwezi kuyagusanisha maduara kama yalivyo kwenye mchoro. Tuseme unaacha milimita 3 kati ya duara na duara. Kwa yale ya sentimita 20, nafasi 11 za urefu zinakula sentimita 3.3 na nafasi 5 za upana zinakula 1.5. Safu zinafika 243.3 na 121.5, bado zimo ndani ya bati. Ule utepe uliokuwa unauona ni hasara ndio uliolipia nafasi zote, na bado unatoa 72. Ila pima ukingo kwanza: kwenye upana unabaki na milimita 5 tu, mbili na nusu kila upande, na bati lenye pembe isiyo mraba litakunyima safu ya mwisho.

Kwa ya sentimita 10, nafasi ni nyingi mno. Maduara 24 na nafasi zake 23 yanahitaji 246.9, na bati ni 244. Upana nao unahitaji 123.3. Unashuka hadi 23 kwa 11, maduara 253 badala ya 288, na mabaki yanapanda kutoka asilimia 24 hadi 33. Ukiwa na mashine inayotaka nafasi kubwa zaidi, tofauti itazidi.

Kinachouma kuliko vyote ni kuongeza kipenyo kidogo bila kupiga hesabu upya. Mteja akisema "weka 20.5 badala ya 20", inaonekana ni jambo dogo. Lakini maduara 12 sasa yanataka 246 na 6 yanataka 123, hivyo unapoteza safu kwenye pande zote mbili kwa mpigo: 11 kwa 5, yaani 55. Umepoteza maduara 17 na mabaki yamefika asilimia 39. Afadhali kidogo ni kwamba hapa tepe za ukingoni zina upana wa sentimita 18 na zaidi, kwa hiyo usizitupe pamoja na vile vipande vilivyochongoka. Zinatoa kazi nyingine ndogo.

Kuhusu kupanga safu kwa kupishana, najua utaniuliza. Kwa kipenyo chako, safu zikifuata urefu wa bati, zinabaki 6, ila kila safu ya pili inasogea sentimita 10 na kupoteza duara moja, hivyo unapata 69. Kwa mwelekeo huo safu za mraba zinashinda. Kwa ya sentimita 10 yanayogusana matokeo yanageuka, zinaingia safu 13 na maduara 306, kwa hiyo usiichukue kama kanuni ya kila bati.

Ukitaka kuhakiki bila kupima kila kipande, tumia mizani. Bati lenye unene ule ule kote lina uwiano mmoja wa uzito na wa eneo. Bati la chuma la milimita 1 la ukubwa wako lina karibu kilo 23.4, kwa hiyo mabaki ya maduara yako 72 yawe karibu kilo 5.6, pungufu kidogo kama chombo chako kinageuza njia yake kuwa unga. Yakizidi kwa karibu kilo 3, tafuta safu iliyokosa kukatwa: safu moja ya urefu ina maduara 12, na hayo yana uzito wa kilo 2.96.