Usiondoke masjala bila muhuri

"Wakuu, kesho napeleka maombi ya kiwanja halmashauri kwa mkono. Nitoe nakala ngapi, na nitathibitishaje kwamba wameyapokea?"

Mkuu, barua ya juu itoe mara mbili: moja ibaki kwao na viambatisho, nyingine ni yako. Chini ya saini yako taja kila kiambatisho na idadi ya kurasa zake. Ukurasa ukipotea baadaye, barua yenye muhuri wao itaonyesha uliuleta. Hati halisi kaa nazo, wape vivuli tu.

Usimwachie mlinzi. Mimi niliwahi kumwachia wa ofisi moja bahasha iliyofungwa, haikufika, na sikuwa na cha kuonyesha. Nenda masjala, bahasha ikiwa wazi ili karani aone kilichomo. Mwombe agonge muhuri wa kupokelea kwenye barua zote mbili na asaini. Kabla hujaondoka soma tarehe ya muhuri, maana ule wa kuzungusha wakati mwingine hubaki na tarehe ya jana. Akisema muhuri umefungiwa kabatini, aandike kwa kalamu "Imepokelewa", jina, cheo, tarehe na saini. Kisha piga picha nakala yako.