Kebo Iliyowasha Taa Zote Nane na Bado Ikawa Mbovu

Kompyuta ya mapokezi katika nyumba ya wageni ya shangazi yangu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, ilikuwa ikikatika mtandao mara tano au sita kwa siku, ilhali simu zilizotumia waifai ya ruta ileile ziliendelea kama kawaida. Ruta imetundikwa orofani na kompyuta iko chini, karibu na daka. Kebo inayoziunganisha ina urefu wa mita 20 hivi, nayo inateremka kandokando ya ua wa ndani na kupenya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe. Kupitisha nyingine mahali pake ni kazi ya kutwa nzima, kwa hiyo sikutaka kuihukumu kabla sijapata ushahidi.

Nilianza kwa kuuliza ruta yenyewe, wala si tovuti yoyote ya nje. Amri hii ya Windows hutuma ujumbe mfupi kwa ruta kila sekunde na kusubiri jibu:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Anwani hiyo ni ya ruta yetu. Ya kwako utaiona ukiandika `ipconfig`, kwenye mstari wa `Default Gateway`. Mtandao ulipokatika, majibu ya ruta nayo yalikoma. Ujumbe huo hauvuki ruta kwenda nje, kwa hiyo laini ya kampuni ya intaneti iliondoka kwenye orodha ya washukiwa papo hapo. Kisha nikafungua dirisha la PowerShell nikaangalia kasi ya kiungo:

```
Get-NetAdapter
```

Chini ya `LinkSpeed` paliandikwa 100 Mbps, ingawa ruta na kompyuta zote mbili zina uwezo wa 1 Gbps. Kasi ikishuka namna hiyo bila mtu kuibadilisha, mimi huanza kuishuku kebo, lakini tundu bovu la ruta au la kompyuta laweza kuleta dalili hiyohiyo. Ndiyo sababu ya kubadilishana vifaa.

Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa maana wengi hukosea hatua hii. Kabla ya kuleta kebo nyingine, chomoa ileile ya zamani, irudishe mahali pake, kisha ungoje. Upepo wetu wa baharini una chumvi, na pini za shaba huota utando. Kule kuchomoa na kuchomeka tu hukwangua utando huo na kiungo kikarudi kwa muda. Ukibadilisha kebo moja kwa moja, utaisifu mpya kwa kazi iliyofanywa na mkono wako. Pili, kebo ya akiba lazima iwe imethibitishwa kwingine kuwa ni nzima, kwa sababu iliyolala mtotoni mwa meza huenda iliwekwa pale na mtu aliyeichoka. Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ukibadilisha kebo na tundu la ruta pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi.

Niliichomeka upya ya zamani, na baada ya nusu saa ikakatika tena. Nikaipandisha kompyuta orofani, nikaiunganisha na tundu lilelile la ruta kwa kebo ya mita mbili ninayoiamini. Ikashika 1 Gbps na kukaa hapo jioni nzima bila jibu hata moja kupotea. Kisha nikachukua laptopu yangu nikaiweka chini, kwenye ncha ya kebo ndefu: ilianza na 1 Gbps, ikakatika, halafu ikatulia kwenye 100 Mbps. Kosa lilikuwa likiifuata kebo popote ilipokwenda.

Ndipo nikatoa testa ya kebo. Ni ile ya kawaida yenye vipande viwili, kikubwa chenye betri na kidogo cha kuweka ncha ya mbali, kila kimoja na taa za namba 1 hadi 8, moja kwa kila waya wa kebo. Chomoa kebo pande zote mbili kabla ya kuitumia, kwani baadhi ya kebo, hasa zile za kamera, hupitisha umeme unaoweza kuiunguza. Taa ya herufi G isikutie wasiwasi isipowaka. Hiyo huwaka kwa kebo zenye ngao ya chuma tu. Taa zetu nane ziliwaka kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Mtu angeweza kuishia hapo na kuitangaza kebo kuwa nzima. Lakini testa hupima kebo ikiwa imetulia, na kebo yetu haikuwa ikitulia, maana ncha yake ya chini ilipinda nyuma ya kiti kinachosukumwa kutwa. Nikamweka mpwa wangu orofani kwenye kile kipande kidogo, swichi ya testa ikiwa kwenye mwendo wa polepole, nami chini nikashika kichwa cha kebo kwa mkono mmoja na kuipinda kebo taratibu kwa mwingine, sentimita tano kutoka kichwani. Kushoto, hakuna kitu. Kulia, nikamsikia akiita, "Mjomba, ya saba haiwaki!" Nikainyosha, ikarudi. Nikaipinda tena, ikazima.

Namba 7 ilieleza kila kitu. Kiungo cha 100 Mbps hutumia nyaya nne tu, yaani 1, 2, 3 na 6, lakini cha 1 Gbps huzihitaji zote nane. Ruta na kompyuta hupatana kasi kupitia zile nyaya nne ambazo zilikuwa nzima, hivyo zilikubaliana 1 Gbps, waya wa saba ukaachana, kiungo kikaanguka, na baada ya kujaribu tena zikashuka hadi 100. Zingebaki hapo kwa amani. Ila kijana wa mapokezi, kila mtandao ulipokatika, alichomoa kebo na kuirudisha. Waya ukagusana, 1 Gbps ikarudi, na mkasa ukaanza upya. Hizo ndizo mara tano au sita za kila siku.

Nilikata kichwa pamoja na sentimita chache za kebo. Nilipoumenya waya mweupe wenye mstari wa kahawia, ganda lake lilikuwa zima na shaba ya ndani imevunjika. Kichwa kipya nilikipanga sawa na ncha ya juu: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Msisogeze rangi kwa kuona tu kwamba jozi zikae pamoja 1-2, 3-4, 5-6, 7-8 ndiyo unadhifu. Testa ya aina hii itawasha taa zote na kuwaambia ni sawa, kumbe nyaya 3 na 6 hazikusokotwa pamoja, na kebo ndefu ya namna hiyo hupoteza data. Kosa hilo halionekani kwa taa. Huonekana kwa macho kwenye rangi, au kwa kifaa cha bei kubwa zaidi.

Nikaipima tena huku nikiipinda, taa nane zikashikilia. Nikaifunga kebo kwenye mguu wa meza isiguswe na kiti, nikaacha `ping` ikienda usiku kucha. Asubuhi nilipobonyeza Ctrl+C kupata hesabu, mstari wa `Packets` ulisema `Lost = 0 (0% loss)`, na kasi ilikuwa 1 Gbps.