Re: Ramani ya msongamano wa watu, madaraja na rangi

> "Ramani yangu ya QGIS, msongamano wa watu kimkoa, nyekundu hadi kijani. Mwenzangu asiyetofautisha rangi hizo haioni. Nifanyeje?"

Salaam ndugu. Angalia madaraja kwanza. Dar es Salaam na Mjini Magharibi zinapita watu 3,000 kwa kilomita ya mraba, Lindi haifiki 20, kwa hiyo Equal Interval, yaani madaraja yenye upana sawa, inarundika karibu mikoa yote daraja la chini. Mimi huandika mipaka mwenyewe: 50, 100, 200, 500. Madaraja matano yanatosha. Yakizidi, vivuli vinafanana.

Rangi, chukua YlGnBu, mfululizo wa njano, kijani hadi buluu: hafifu kwa watu wachache, iliyokoza kwa wengi. Mwenzako atasoma ukolevu, si rangi. Kisha fungua View > Preview Mode, ujaribu kijivu. Madaraja jirani yakichanganyika hapo, unganisha mawili.